Kinyozi wa Milepa: Watoto Alasiri, Ndevu Jioni

Saluni ya kiume iliyoko Sumbawanga mjini, juu kule uwandani, inaweza kujiita ya ndevu tu na ikapata watu, kwa sababu mjini kuna ofisi, vyuo, stendi na wageni wanaolala nyumba za kulala wageni. Milepa hali ni nyingine. Hapa ni bondeni, chini ya ukuta wa Lyamba lya Mfipa, upande wa Ziwa Rukwa, na wateja ni walewale unaosalimiana nao kisimani na mashineni. Ukimwambia mwanakijiji mwenzako kwamba hunyoi kichwa chake kwa kuwa wewe ni fundi wa ndevu, hatarudi, na shemeji yake hatakuja.

Kwa hiyo kujikita kwenye kundi moja la wateja, kwa kinyozi wa kijijini, hakuna maana ya kuwafukuza wengine. Maana yake ni kujua kiti chako ni cha nani saa ngapi, na kupanga bei kufuatana na muda ambao kila kazi inakula. Nitaeleza kwa makundi mawili yanayozungumzwa sana na vinyozi, watoto na ndevu. Niseme mapema kwamba kwa kijiji chenye shule za msingi na sekondari jirani, naona watoto ndio msingi, na ndevu ni nyongeza ya jioni na ya msimu.

Daftari kabla ya bango

Kabla ya kumwita mchoraji wa bango, nunua daftari na uandike kwa wiki mbili. Kila anayekaa kitini, andika saa aliyoanza, saa aliyoinuka, kazi aliyofanyiwa, kama ni mtu mzima au mtoto, na alichokulipa. Andika pia aliyechungulia, akaona foleni, akaondoka. Huyo wa mwisho ndiye vinyozi wengi hawamhesabu, na ndiye anayeonyesha fedha inatorokea wapi.

Tuchukue mfano wa saluni yenye kiti kimoja, katika wiki ya kawaida shule zikiwa zimefunguliwa. Takwimu ni za kufundishia tu, zako utazipata kwenye daftari lako. Watu wazima 35 wamenyolewa kwa shilingi 1,000 kila mmoja, na kila mmoja amechukua dakika 25. Wanafunzi 20 wamenyolewa kichwa kizima, nywele fupi bila mtindo, kwa shilingi 500 na dakika 8. Watoto wadogo ambao hawajaanza shule ni 8, nao wamelipa shilingi 500, lakini kila mmoja amekula dakika 25 kwa kulia, kubembelezwa na kushikwa kichwa. Wengine 6 wamekuja kuchonga ndevu tu, shilingi 500, dakika 10. Jumla ni shilingi 52,000.

Sasa gawanya fedha kwa dakika. Mtu mzima anakuingizia shilingi 40 kwa dakika. Mchonga ndevu, shilingi 50. Mwanafunzi, ambaye wengi humdharau kwa kuwa analipa nusu, anakuingizia zaidi ya shilingi 62. Mtoto mdogo anakuingizia 20 tu. Wote wawili wanaitwa watoto na wanalipa bei moja, kumbe mmoja ndiye mteja bora kuliko wote na mwingine ndiye anayekurudisha nyuma. Bei iliyopangwa kwa ukubwa wa kichwa inaficha jambo hilo.

Jambo la pili ni lini kiti kinafanya kazi. Dakika zote za wiki hiyo zikijumlishwa hazifiki saa 22, ilhali saluni inafunguliwa siku sita kwa saa kumi kila siku. Karibu theluthi mbili ya muda kiti kimekaa bure. Lakini Jumamosi watu wamesimama mlangoni, na Jumapili asubuhi wapo wanaotaka kunyolewa haraka wawahi kanisani. Hivyo dakika ya Jumamosi na dakika ya Jumanne hazina thamani moja. Mwanafunzi anayenyolewa Jumamosi saa kumi jioni anachukua nafasi ya baba aliyechungulia na kuondoka. Akinyolewa Jumanne alasiri hachukui nafasi ya mtu.

Umeme usikusumbue katika hesabu hii. Mashine ya kunyolea ya kawaida hutumia takriban wati 10, kwa hiyo ikizunguka saa nane mfululizo haifikishi hata sehemu ya kumi ya uniti moja. Spika kubwa na runinga ndivyo vinavyomaliza LUKU. Gharama zako za kweli ni muda, meno ya mashine, na siku umeme unapokatika ukiwa na foleni. Kwa siku hizo, mashine moja ya kuchaji inajilipa upesi.

Watoto: unashindana na wembe wa nyumbani

Katika shule za serikali, wavulana kwa wasichana hutakiwa kuwa na nywele fupi, na ukaguzi wa usafi mstarini hufanyika mara nyingi mwanzoni mwa wiki. Hiyo ina maana una mteja anayelazimika kunyoa mara kwa mara, wa jinsia zote mbili, na mwenye kalenda inayojulikana. Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, na tena baada ya likizo ya katikati ya mwaka, vichwa vinakuja vyote kwa siku chache.

Lakini mshindani wako kwa mteja huyu si saluni ya ng'ambo ya barabara. Ni mama mwenye wembe au mkasi, chini ya mwembe. Wembe unauzwa bei ndogo sana na unaweza kunyoa watoto wote wa nyumba. Ndiyo maana bei ya mwanafunzi haipandi kirahisi: ukiifikisha shilingi 1,000, mzazi mwenye watoto wanne anarudi kwenye wembe. Unachomuuzia mzazi huyo ni kichwa kisicho na mikwaruzo na mtoto asiyerudi na mapunye. Hapo ndipo usafi unapokuwa bidhaa, na inabidi mzazi auone kwa macho.

Wembe mmoja kwa vichwa vinne ni hatari hata kama ni ndugu, kwani virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi. Mashine nayo si salama kwa sababu tu haikati ngozi. Mapunye husababishwa na fangasi, na nywele zilizovunjika zilizobaki kwenye meno ya mashine hubeba vimelea kutoka kichwa hadi kichwa. Hatua zenyewe ni hizi. Zima mashine, piga burashi nywele zote zitoke, kisha pulizia meno spiriti ya duka la dawa mpaka yalowe, uache yakauke yenyewe kwa dakika moja au zaidi. Usiyafute upesi kwa kitambaa, na usiwe karibu na moto, spiriti inawaka. Ukiwa na mashine mbili, moja inakauka huku nyingine inanyoa, na foleni haikwami.

Vitana vya plastiki unavyovalisha mashine, pamoja na vitana vya kuchania, vioshe kwa sabuni, kisha viloweke kwenye Jik iliyochanganywa na maji kwa dakika 10 na uvisuuze. Kwa Jik yenye nguvu ya asilimia 3.5, sehemu moja ya Jik na sehemu sita za maji inatosha. Angalia kibandiko cha chupa, kwa kuwa dawa za namna hii hazilingani nguvu. Jik hula chuma, hivyo meno ya mashine yakibidi kulowekwa, kwa mfano yakigusa damu, yafungue, yaloweke, yasuuze, yakaushe, halafu yatie matone mawili matatu ya mafuta ya cherehani. Wembe wa kuchonga uwe mpya kwa kila mtu, ufunguliwe mbele yake.

Mtoto mwenye mapunye utamtambua kabla hujawasha mashine. Kichwani kuna mabaka yaliyopukutika nywele, yenye magamba ya kijivu, na ukiangalia kwa karibu unaona nywele zimekatikia kwenye ngozi kama vidoa. Wakati mwingine kuna uvimbe wenye usaha, na tezi za shingoni zimevimba. Usimnyoe kwa mashine ya wote, na usimtangaze mbele ya foleni. Mwite mzazi pembeni:

"Mama, kichwa cha mtoto kina mapunye. Mpeleke zahanati kwanza, apewe vidonge. Ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina la unywele."

"Sasa shule si watamrudisha?"

"Akianza dawa mwambie mwalimu. Mimi nitamnyoa wa mwisho jioni, mashine nikiiosha baada yake."

Vidonge hivyo kwa kawaida hutumika kwa wiki kadhaa, mara nyingi 6 hadi 8, na mzazi asikatishe nywele zikianza kuota. Kinyozi anayesema maneno hayo kwa upole anapata mzazi wa kudumu, kwa sababu mtu wa mwisho aliyemtazama mtoto huyo kichwa alikuwa mama mwenyewe, gizani, akiwa na wembe.

Kwa watoto wadogo wanaolia, kazi ni ya mbinu. Weka ubao juu ya mikono ya kiti ili mtoto aketi juu na wewe usiiname, au mwache apakatwe. Mwache kwanza aguse mashine ikiwa imezimwa, kisha asikie ikilia mbali na sikio. Anza kisogoni, masikio yawe mwisho. Jaribu meno kwenye mkono wako kila baada ya dakika chache, kwa maana watoto wengi wanaolia katikati ya kazi hawana woga, wanaunguzwa: meno yasiyotiwa mafuta huwa ya moto. Ukiweza kupunguza dakika 25 ziwe 15, umepata faida hata kabla ya kupandisha bei.

Kuna jambo moja litakalovunja mpango wote wa watoto, nalo ni kijiwe. Saluni nyingi ni vijiwe vya vijana: mpira, muziki wa juu, maneno ya mtaani. Mama hatamtuma binti wa darasa la tano kuketi hapo. Ukitaka watoto, kijiwe kihame kwa saa fulani, na wewe ndiye wa kukihamisha. Rangi za ukutani na picha za katuni hazitasaidia kama benchi limejaa vijana wanaotaniana kwa matusi.

Hapo ndipo watoto na ndevu vinapogongana, kwa kuwa vijana wa kijiweni ndio wateja wako wa ndevu. Suluhisho ni saa. Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa tisa alasiri wanafunzi wanapotoka shule mpaka saa kumi na mbili jioni, kiti ni cha watoto na muziki uko chini. Kuanzia saa kumi na mbili, ni cha watu wazima na ndevu. Lisemwe hivyo kwenye bango: watoto alasiri, ndevu jioni. Mtu mzima akija alasiri anyolewe tu, lakini hawi wa kwanza.

Ndevu: unauza marudio

Mteja wa kichwa anaweza kukaa wiki tatu bila kuonekana. Unywele wa uso huota takriban theluthi moja ya milimita kwa siku, kwa hiyo mstari uliochongwa vizuri unapotea baada ya wiki moja au mbili. Anayefuga ndevu kwa mtindo anarudi mara mbili au tatu wakati wa kichwa anarudi mara moja. Hiyo ndiyo faida ya ndevu, hata kama kila mara analipa kidogo.

Wateja hao hapa kijijini ni wachache: mwalimu, dereva, mwendesha bodaboda, mnunuzi wa mpunga. Wengi wao wana shida moja, vipele vya ndevu, na joto la bondeni pamoja na jasho haviwasaidii. Chanzo chake ni umbo la unywele wetu. Unywele uliojikunja ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake kali huota ikijipinda na kuchoma ngozi upya. Mwili unaupokea kama mwiba, panavimba, panakuwa peusi. Kadiri unavyonyoa laini zaidi, ndivyo unavyozidisha vipele.

Kwa hiyo huduma ya ndevu ya kuuza hapa ni kinyume cha wengi wanavyofikiri: kutonyoa mpaka ngozini. Tumia mashine, acha urefu wa milimita 1 hivi, fuata uelekeo wa unywele, usivute ngozi, na usipite zaidi ya mara mbili sehemu moja. Kabla ya hapo weka taulo safi la maji ya moto yanayovumilika kwa dakika tatu au nne. Taulo ni la mtu mmoja, likitumika linaenda kwenye ndoo ya kufua. Kama vipele vimekuwa vingi na vina usaha, mwambie aache kunyoa kwa wiki nne hivi na aende zahanati. Utakosa fedha zake mwezi huo, lakini ukimnyoa utamkosa moja kwa moja.

Kanta ichukuliwe kwa tahadhari. Rangi nyingi nyeusi za ndevu zina kemikali iitwayo PPD, ambayo baadhi ya watu huwavimbisha uso mpaka macho kufumba. Paka kidogo nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, subiri saa 48, akiwashwa usimpake. Mteja atakuambia mbona mjini hawamsubirishi. Mwache aende mjini.

Usinunue vifaa vya ndevu kwa mkupuo. Msimu wake ni fedha ya mavuno, mpunga unapouzwa kuanzia katikati ya mwaka. Anza na taulo chache na mashine ndogo ya kuchongea. Ukifika mwisho wa mwaka na daftari linaonyesha wenye ndevu hawazidi kumi kwa wiki, baki na kuchonga kwa shilingi 500 na uachane na skrabu na mafuta ya bei kubwa, yataisha muda wake kwenye rafu.

Bei mpya, kwa hesabu ileile

Turudi kwenye saluni ya mfano. Mtoto mdogo apandishwe kutoka shilingi 500 hadi 1,000, kwa sababu iliyo wazi: muda. Tukubali kwamba wawili kati ya wanane hawatarudi. Waliobaki sita wanaleta 6,000 badala ya 4,000, na dakika zimepungua. Mwanafunzi abaki 500, lakini Jumatatu hadi Alhamisi wazazi wanaoleta watatu kwa pamoja walipe 1,200. Shilingi 400 kwa dakika 8 bado ni 50 kwa dakika, juu ya mtu mzima, na ni dakika zilizokuwa za bure. Punguzo hilo lisivuke hadi Jumamosi, hata kwa jirani. Ukilivusha mara moja, Jumanne yako imekwisha.

Tuseme wanafunzi wanafika 32: makundi sita ya watatu yanaleta 7,200, na wengine 14 wanaleta 7,000. Jumamosi ikipungua watoto, watu wazima watano waliokuwa wakiondoka wanapata kiti, hivyo 40 kwa shilingi 1,000 ni 40,000. Ndevu za kuchonga 6 zinabaki 3,000, na wanne wanachukua huduma kamili ya taulo kwa shilingi 1,500, yaani 6,000. Jumla inakuwa 69,200, ongezeko la 17,200 kwa wiki. Toa humo spiriti, Jik, sabuni na mkaa wa maji ya moto, na utaona kinachobaki. Bei ya mtu mzima hatukuigusa. Hiyo ndiyo bei ambayo kijiji kizima kinaijua, na ndiyo wanayolinganisha wakikusema.

Bei mpya itangazwe kabla, wiki mbili au tatu, iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, na ianze baada ya mavuno au mwanzoni mwa mwezi. Isianze wiki ya kufungua shule: mzazi anayenunua madaftari na sare ataichukia saluni yako kwa jambo ambalo Julai asingelijali. Zitumie namba za mviringo pia. Bei ya shilingi 700 itakufanya ukimbizane na chenji siku nzima.

Wiki ya kufungua shule itafutie mtu wa pili na kiti cha kuazima, mkubaliane hesabu ya siku au mgawanyo kabla kazi haijaanza, na ufungue mapema. Usipandishe bei kwa foleni hiyo. Wazazi wote wapo mlangoni siku hiyo, na watalikumbuka.

Daftari lile usilitupe. Kwa viwango vya kodi ya mapato ya wafanyabiashara wadogo vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi. Yakiwa kati ya 4,000,000 na 7,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000, na mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kilichozidi 4,000,000. Saluni yetu ya mfano, kwa 69,200 kila wiki, iko chini kidogo ya 3,600,000 kwa mwaka, na foleni za Januari na fedha za mpunga zinaweza kuivusha mpaka. Ikifika 4,300,000, mwenye daftari atadaiwa 9,000. Kabla ya kupanga mwaka wako, thibitisha viwango vya sasa kwa ofisi ya TRA Sumbawanga, na leseni uliza halmashauri.